Kuongoza, kukaa begani au kutoka nyuma: mbinu ipi ya mita 800 imfae mwanafunzi wako

Mwanafunzi wa sekondari anayemaliza mita 800 kwa dakika mbili na sekunde kadhaa ana njia tatu za kuikimbia fainali. Anaweza kushika uongozi mapema na kuwavuta wenzake. Anaweza kukaa wa pili au wa tatu, akimchunga kiongozi begani. Anaweza pia kubaki nyuma ya kundi na kupanda taratibu mzunguko wa pili. Zote tatu zimeshinda medali za dhahabu za Olimpiki, kwa hiyo swali la kocha si ipi iliyo bora. Swali ni ipi inamfaa kijana huyu, mwenye miguu hii na pumzi hii, dhidi ya wapinzani wale.

Hapa tunazilinganisha kwa vipimo vitatu: kila njia inagharimu mita ngapi za ziada kwenye kona, inataka mwili wa aina gani, na inamtaka mkimbiaji achomoke kutoka wapi. Tunaanza na kona, kwa sababu yale mengine mawili yanaitegemea.

Kona inatoza kiasi gani

Katika uwanja wa kawaida wa mita 400, kila upande ulionyooka una mita 84.39. Kila kona, ikipimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, ina mita 115 na ushei. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya mita 800 hukimbiwa kwenye kona, na hapo ndipo nafasi mbaya hugeuka umbali wa ziada.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukikimbia mita moja nje ya mstari wa ndani kwa kona nzima, unaongeza mita 3.14. Ukubwa wa uwanja haubadilishi kitu hapo. Kijana wa dakika 2:04 anakwenda takriban mita 6.45 kwa sekunde, kwa hiyo mita hizo tatu ni karibu nusu sekunde. Akikimbia katikati ya leni ya pili, hasara inakaribia mita tano kwa kona moja. Kona ya kwanza ya mita 800 kila mtu yuko kwenye leni yake, zinabaki kona tatu. Anayezikimbia zote tatu mita moja nje ametoa zawadi ya mita tisa na nusu, yaani karibu sekunde moja na nusu. Fainali nyingi za shule huamuliwa kwa chini ya hapo.

Wanafunzi hawaiamini hesabu hii wakiisikia, wanaiamini wakiiona. Chukua wawili wenye uwezo sawa, mmoja kwenye mstari wa ndani, mwingine begani kwake. Waanze pamoja mwanzo wa kona kwa mwendo wa mbio, sekunde 18 hivi kwa kona nzima, na kila mmoja aushike mwendo wake badala ya kumfuata mwenzake. Wakitoka kwenye kona, wa nje atakuwa nyuma kwa mita tatu au karibu nazo. Kisha wabadilishane. Mara nne zinatosha, na baada ya hapo hutahitaji tena kupiga kelele "ingia ndani!" kutoka pembeni.

Jinsi ya kuikimbia kona hakuhitaji somo refu. Katika kasi hii mwili hulala kuelekea ndani kwa digrii saba hivi tu, na hulala wenyewe. Mwambie alalie kutoka kwenye vifundo vya miguu, asipinde kiuno, mkono wa kushoto uchezee karibu na mwili na wa kulia ufike mbele kidogo zaidi. La kusahihisha kwa bidii ni mwisho wa kona. Aliyechoka huachia mwili na kupeperukia leni ya pili anapoingia kwenye mnyooko, na nyuma yake hufunguka mlango upande wa ndani. Simama mahali kona inapoishia, utazame miguu yake: ikiwa iko zaidi ya nusu mita kutoka kwenye mstari, anavuja.

Njia tatu, bega kwa bega

| | Kuongoza | Kukaa begani | Kutoka nyuma |
|---|---|---|---|
| Mita za ziada kwenye kona | Karibu sifuri | 1 hadi 3 kwa kona | Sifuri mwanzoni, nyingi akipita watu kwenye kona |
| Anayemfaa | Mwenye pumzi, asiye na kasi kubwa | Mwenye vyote viwili kwa kiasi | Mwenye kasi na subira |
| Hatari kuu | Kuanza kwa pupa | Kufungiwa ndani | Pengo kubwa mno |
| Somo gumu | Kuujua mwendo bila saa | Kutoka nje kwa wakati | Kutohangaika akiwa wa mwisho |

*Kuongoza.* Kiongozi hakimbii mita hata moja ya ziada na hafungiwi na mtu. Mfano unaojulikana zaidi ni David Rudisha katika fainali ya London 2012. Alishika uongozi tangu mwanzo, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Mzunguko wake wa pili ulikuwa sekunde 51.63. Kocha wa sekondari auangalie uwiano huo: hata mkimbiaji yule alipunguza kasi mzunguko wa pili, ila kwa sekunde mbili na ushei tu. Kijana wako wa 2:03 akipita mita 400 kwa sekunde 57, mzunguko wa pili utakuwa wa 67 au zaidi, na atapitwa na watu ambao hakujua kama wapo.

Kosa hilo huzaliwa mita 200 za mwanzo. Wastani wa mita 200 kwa mtu wa 2:03 ni sekunde 30.75. Anayetaka kuongoza apite mita 200 za kwanza kati ya sekunde 29 na 29.5, na asizidi hapo hata akihisi mwili mwepesi. Karibu kila mtu huhisi mwepesi dakika ya kwanza. Dalili za pupa huonekana baadaye, kati ya mita 550 na 600: mabega yanapanda kuelekea masikioni, kidevu kinainuka, mikono inaanza kukata kifua kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kuongoza hakumaanishi kwenda mbio sana. Matthew Centrowitz alishinda mita 1500 za Rio 2016 kwa 3:50.00, muda wa polepole mno kwa fainali ya Olimpiki, kwa kukaa mbele upande wa ndani, kuuzuia mwendo, kisha kuukaza mzunguko wa mwisho. Aliye mbele kwenye mstari wa ndani ana silaha hii: mtu akimshambulia kwenye kona, anaongeza mwendo kidogo tu, kiasi cha kumweka begani, na kumwacha alipe zile mita tatu. Mshambuliaji anatoka kwenye kona akiwa ametumia nguvu zake bila kupata kitu. Mfundishe kiongozi wako jambo hili mapema, kwa sababu silika ya kijana ni kutimka kwa nguvu zote akiona kivuli, na huko ni kumaliza akiba kabla ya mnyooko wa mwisho.

*Kukaa begani.* Kwetu sisi hii ndiyo njia ya kumwanzishia mwanafunzi mpya, na ndiyo njia ya mchujo, ambako lengo ni kupita bila kujichosha. Aliyekaa hapa habebi mzigo wa kupanga mwendo, na upepo ukivuma usoni kwenye mnyooko wa nyuma, kiongozi anamkinga. Tena anaona kila kitu: nani anasogea, nani anahema.

Shida ni kwamba bega halisi, sambamba na kiongozi, linatozwa mita tatu kila kona. Na akirudi nyuma kabisa ya kiongozi, juu ya mstari wa ndani, mtu wa tatu huja kusimama begani kwake, naye amefungiwa. Mbele kuna mgongo, kulia kuna mtu, kushoto kuna ukingo. Hapo hata awe na kasi ya duma hana pa kuipeleka.

Suluhisho ni nafasi mbili tofauti. Kwenye kona akae nyuma ya kiongozi, lakini bega lake la kulia litokeze nje ya bega la kulia la kiongozi kwa upana wa viganja vitatu hivi. Njia hiyo humgharimu mita moja hivi kwa kona, na mtu yeyote anayetaka kumfungia analazimika kukimbia mbali zaidi nje. Kwenye mnyooko, ambako kwenda nje hakuna gharama ya kutajika, asogee hadi begani, mguu wake ukiwa usawa wa nyonga ya kiongozi. Kwa hiyo anaingia na kutoka, nusu hatua ndani kona inapoanza, nusu hatua nje inapoisha. Wanafunzi huishika baada ya vipindi vichache, mradi uwafundishe kwa mwendo wa mbio. Kwa mwendo wa kupasha misuli kila mtu anaweza.

Akifungiwa licha ya hayo, asisukume. Kumzuia au kumgonga mwenzake kunaweza kumfanya aondolewe kwenye matokeo. Apunguze hatua moja, amwache wa nje apite, kisha azunguke nyuma yake mnyooko unapofika. Anapoteza mita moja au mbili. Anayehangaika kutafuta upenyo ambao haupo huvunja hatua zake mara tatu au nne na kupoteza zaidi.

*Kutoka nyuma.* Dave Wottle, aliyekimbia na kofia kichwani Munich 1972, alikuwa wa mwisho karibu mzunguko mzima wa kwanza, akamaliza kwa 1:45.86 na kumshinda Yevgeni Arzhanov kwa sekunde 0.03, Mike Boit wa Kenya akiwa wa tatu. Watu husimulia mbio zile kama hadithi ya mtu aliyelipuka mwishoni. Muda wake wa kila mita 200 unasema vingine: wote ulikuwa kati ya sekunde 26 na 27. Hakulipuka. Wengine walianza kwa kasi kuliko uwezo wao, wakapungua, naye akabaki palepale.

Hilo ndilo la kumfundisha mwanafunzi wa njia hii. Mbio zikianza kwa kasi kubwa, kuchomoka mwishoni si kuongeza kasi, ni kupungua kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo kutoka nyuma ni mbinu ya mtu anayejua mwendo wake na kuushikilia hata akiona migongo saba mbele. Mbio zikianza polepole, njia hii hugeuka mtego: hakuna anayechoka, kundi limejaa, na anayetaka kupanda lazima awazunguke watu wanne au watano kwa nje.

Pengo nalo lina kikomo. Tuseme kwenye mnyooko wa mwisho kijana wako anakwenda mita 7.4 kwa sekunde na kiongozi anakwenda 6.9. Hiyo ni tofauti kubwa, inayoonekana kwa macho. Katika mita 84 anapata mita sita, basi. Mpe kanuni hii: akitoka kwenye kona ya mwisho, kiongozi asiwe mbele yake zaidi ya mita tano. Pengo likizidi hapo mzunguko wa pili ukianza, apande kidogokidogo kwenye mnyooko wa nyuma, asisubiri.

Achomoke wapi

Alama ambayo vijana wengi huitumia ni mita 200 za mwisho. Ni alama rahisi, imechorwa, kila mtu anaijua, na kwa anayetaka kumpita mtu ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Mita 200 kabla ya utepe ndipo hasa kona ya mwisho inapoanza. Anayechomoka hapo akiwa begani anaikimbia kona nzima nje, analipa mita tatu, na kiongozi mwerevu anamweka hukohuko. Mita 100 nayo inadanganya: kwa kuwa mnyooko una mita 84, alama ya mita 100 bado iko ndani ya kona.

Kwa hiyo sahau namba za duara, fuata umbo la uwanja. Kuna sehemu mbili za maana, moja kabla ya kona na moja mwisho wake.

Ya kwanza ni katikati ya mnyooko wa nyuma, mita 240 kabla ya utepe. Tuliyafikia hayo kwa hesabu hii: kumpita mtu aliye mita moja mbele na kuingia mbele yake kwa mita moja na nusu bila kumkata kunataka faida ya mita mbili na nusu. Ukimzidi kwa nusu mita kila sekunde, ni sekunde tano. Kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde umesafiri mita 35. Akianza kwenye 240 anakuwa ameshika mstari wa ndani kona inapoanza, na sasa wengine ndio watakaolipa. Akianza kwenye 220, kona inamkuta akiwa kando ya mtu.

Anayechagua sehemu hii asitumie yote hapohapo. Kuna miondoko miwili: wa kwanza wa kumpita mtu na kuingia ndani, kisha mabega yanalegezwa kwenye kona huku mwendo ukishikiliwa, kisha wa pili kona inapofunguka. Anayeunganisha miondoko yote miwili kuwa mmoja hukauka mita 50 kabla ya utepe, na hilo huonekana kwa hatua zinazofupika ghafla na mwili unaoegemea nyuma.

Ya pili ni mita 110 kabla ya utepe, yaani mita 25 kabla ya kona kwisha. Mkimbiaji anatoka nje hapo, analipa chini ya mita moja kwa kipande hicho kifupi cha kona, na anaingia kwenye mnyooko akiwa tayari na kasi na njia wazi mbele. Anayengoja hadi mnyooko uanze ndipo ajitoe hutumia mita 15 hadi 20 kubadili leni na kukusanya kasi, na 84 zake zimebaki 65.

Upo pia mchomoko mrefu, wa mita 300 au zaidi. Huo ni kuongoza kwa jina lingine. Humfaa mwenye pumzi ambaye hakutaka kubeba mwendo tangu mwanzo.

Kumjua wa 240 na wa 110, tazama nyakati zake mbili: bora ya mita 400 na bora ya mita 800. Zidisha ya 400 mara mbili, uitoe kwenye ya 800. Kijana wa sekunde 54.0 na 2:04 ana tofauti ya sekunde 16. Kasi anayo tele, pumzi ndiyo fupi, na mchomoko wake uwe wa 110. Kijana wa 57.5 na 2:03 ana tofauti ya sekunde 8. Huyo hana kasi ya kungoja, akae 240 au mapema zaidi. Walio katikati, sekunde 11 hadi 13, wanaweza kujifunza zote mbili, na ndio wanaofaidika zaidi kukaa begani. Kipimo hiki kinadanganya pale ambapo mmoja wa nyakati hizo ni wa zamani au ulipimwa kwa saa ya mkononi kwenye uwanja usiopimwa vizuri, kwa hiyo chukua nyakati zilizokaribiana kwa wiki chache.

Fainali moja, vijana wawili

Tuwaweke hao wawili, mwenye kasi (54.0 na 2:04) na mwenye pumzi (57.5 na 2:03), katika fainali moja, tuone mbio zinavyogeuka.

Mbio za polepole kwanza. Kundi linapita mita 200 kwa sekunde 33 na hakuna anayetaka kuongoza. Mwenye kasi anafurahi, na ana haki. Kila sekunde inayopotea sasa inamhifadhia miguu yake. Mwenye pumzi akisubiri kengele, mzunguko wa kwanza utakuwa wa 65, na kushinda kutamtaka akimbie 59 mzunguko wa pili dhidi ya mtu anayeweza 54. Ameshachelewa. Alipaswa kwenda mbele mara tu mnyooko wa kwanza wa nyumbani ulipofunguka, baada ya mita 315, akaupandisha mwendo kwa hatua: si kutoroka, bali sekunde 15 kwa kila mita 100, hadi mwisho. Swali la kumjengea kichwani ni moja: "Nimesikia muda gani kwenye 200?" Akisikia 32 au zaidi, anaondoka kwenye mnyooko unaofuata.

Sasa mbio ambazo mwenye pumzi ameshika tangu mwanzo. Baada ya mstari wa kuachia leni, anasogea ndani kwa mshazari mrefu, akilenga mwisho wa mnyooko wa nyuma. Kama alianzia leni ya nane ana mita 8.5 za kusogea kwa upande. Akizitawanya kwenye mita zote 84, anaongeza chini ya nusu mita. Akizikata ndani ya mita 20 anaongeza karibu mbili, na anajitupa katikati ya viwiko vya watu. Anapita 200 kwa 29.5, 400 kwa 60.0, 600 kwa 1:31.0, na kumalizia kwa 31.5. Jumla ni 2:02.5, nusu sekunde chini ya muda wake bora, kitu ambacho fainali nzuri huweza kukitoa.

Mwenye kasi yuko katika hali gani? Kwenye 600 yuko nyuma ya mwenzake kwa hatua mbili, akiwa kwenye mwendo wa 2:01, sekunde tatu chini ya uwezo wake. Angechomoka kwenye 240 angekuwa anafukuza kwa miguu isiyo na kitu. Chaguo lake pekee ni kushikamana, bega moja nje, bila kupita mtu kwenye kona, hadi 110. Huenda akawa na faida ya mita mbili tu ya kutoa mwishoni. Kama pengo ni mita moja na nusu, zinatosha. Kama alikuwa amekimbia kona ya tatu begani badala ya kujificha, hazitoshi, na mbio amezipoteza mita 300 kabla ya utepe bila mtu kuona.

Fundisho la Filbert Bayi wa Tanzania lilikuwa hilohilo kwenye mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974. Aliongoza tangu mwanzo kwa mwendo mkali, akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker alikuja kwa kasi mwishoni, akaishia 3:32.52. Walker alikuwa na kasi. Mwendo ulikuwa umeshaila.

Kuyafundisha uwanjani

Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha, baada ya kupasha misuli na kabla ya kazi nzito. Anza na kona ya wawili tuliyoieleza. Wiki inayofuata leta nafasi: watano wakimbie mita 300 kwa mwendo wa mbio, mmoja umweke makusudi wa pili upande wa ndani, mwingine begani kwake. Filimbi ikilia kwenye mnyooko, aliyefungiwa ajitoe kwa kupunguza hatua na kuzunguka. Ikilia kwenye kona, asifanye chochote, angoje. Wengi hujitoa papo hapo kwa filimbi yoyote, na hapo ndipo unapowaona wasiosoma uwanja. Pumzika dakika tano, rudia mara tatu, ukimbadilisha wa kufungiwa.

Kwa mchomoko weka koni kwenye 240 na nyingine kwenye 110, usiweke yoyote kwenye 200. Mkimbiaji afanye mita 400 kwa mwendo wake wa mita 800, apumzike sekunde 60, kisha mita 300 akichomoka kwenye koni yake. Pima mita 84 za mwisho peke yake. Mara ya pili, baada ya kupumzika dakika 10 au 12, abadilishe koni. Ikiwa kwa koni ya 240 mita 84 zake zinazidi zile za koni ya 110 kwa zaidi ya sekunde moja, anakauka: mrudishe 110 kwa msimu huu, au mfundishe kuutenga ule mwondoko wa kwanza na wa pili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko nusu sekunde, anaweza 240, na atashinda zaidi akiwa huko. Mara mbili kwa kipindi zinatosha. Ya tatu hupima uchovu tu.

Kwenye uwanja wa nyasi wa shule wenye mzunguko wa mita 300 au chini, yafaa kurekebisha. Mita moja nje bado ni mita 3.14 kwa kona, lakini kona ni nyingi zaidi kwa mbio ileile na zimebana, kwa hiyo nafasi ya ndani ina thamani kubwa zaidi, na njia ya kutoka nyuma inapungua nguvu. Pima mwenyewe kwa utepe wa kupimia kona ya mwisho inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha sogeza koni: ya kwanza mita 40 kabla ya kona, ya pili mita 25 kabla ya kona kwisha. Na siku mtakapokwenda kushindana kwenye uwanja wa mita 400, mpeleke mkimbiaji mapema akatembee hadi sehemu hizo mbili na kutafuta kitu cha kudumu kando yake, nguzo au ngazi ya jukwaa, kwa sababu koni zako hazitakuwepo.